Huber au bawaba? Safari moja ya dakika 240 imenivurugia modeli yote

#1 Mzee wa Mitungi

Wakuu, heshima kwenu.

Nina biashara ndogo ya kusambaza mitungi ya gesi kwa bodaboda hapa Dar. Nimeandika modeli ya kukadiria mteja atasubiri dakika ngapi. Shida ni vijana wangu. Mtu anafika, anashusha mtungi, anapokea hela, halafu anasahau kubofya "nimefika" mpaka jioni. Kwa hiyo kwenye data unakuta safari za dakika 22, 25, 28, na ghafla 240. Nilitumia kosa la mraba kama tulivyofundishwa, sasa modeli inamwambia mteja wa Sinza asubiri karibu saa nzima kwa safari ya nusu saa.

Rafiki mmoja kaniambia nitumie hasara ya Huber, yaani kanuni nyingine ya kupima modeli imekosea kiasi gani. Mwingine kasema achana nayo, chukua ya bawaba, ile inayoandikwa `hinge`, kwa kuwa haijali nukta zilizo mbali. Baadaye nataka pia modeli ya pili ya kusema tu kama mzigo utachelewa kupita dakika 40 au la. Ipi kati ya hizi mbili ndiyo kiboko ya nukta zilizojitenga?

#2 Chuma Chakavu

Bawaba mkuu, usipepese macho. Ndiyo injini ya SVM, ile modeli inayochora mpaka kati ya makundi mawili. Inaangalia nukta za mpakani tu, za mbali haizioni kabisa. Hiyo 240 yako iko mbali, haitaonekana. Uzi ufungwe.

#3 Kipimajoto

Uzi usifungwe kwanza.

Mzee wa Mitungi, hizo mbili hazigombei kazi moja. Huber anapewa namba mbili, muda halisi na kadirio, anauliza zimepishana kiasi gani. Bawaba hapewi muda wowote. Anapewa lebo, +1 au −1, na alama iliyotolewa na modeli, halafu anauliza: alama imeangukia upande wake, na imeingia ndani kiasi gani? Dakika 240 hana pa kuziweka. Kwa hiyo modeli ya kwanza ni ya Huber, na bawaba tutamwita kwenye ile ya pili.

Tuhesabu kwa mkono, ni rahisi kuliko inavyosikika. Chukua safari saba: 22, 24, 25, 26, 28, 30 na 240. Tafuta namba moja ya kuziwakilisha zote. Kosa la mraba linakupa wastani, 56.4, muda ambao hakuna hata safari moja iliyoukaribia. Ni kwa sababu kila nukta inavuta jibu kwa nguvu inayolingana na umbali wake. Iliyo mbali mara hamsini inavuta mara hamsini.

Alichofanya Peter Huber mwaka 1964 ni kuuwekea mvuto huo kikomo, tunachokiita delta. Kosa likiwa dogo kuliko delta, nukta inavuta kama kawaida. Likizidi, inavuta kwa nguvu ya delta, basi, hata ikimbilie wapi. Weka delta iwe 5. Nukta ya 240 inavuta kwenda juu kwa 5. Zile sita nyingine jumla yake ni 155. Mizani inatulia pale ambapo

```
155 - 6m + 5 = 0
m = 26.67
```

Hakiki: 22 iko chini ya jibu kwa 4.67, haijavuka 5, na 30 iko juu kwa 3.33. Kwa hiyo hakuna nukta nyingine iliyogusa kikomo na hesabu imesimama. Sasa badilisha 240 iwe 2400. Jibu linabaki 26.67 vilevile.

Ila angalia, nukta haikufutwa. Wastani wa zile sita peke yake ni 25.83. Ile ya saba bado imevuta kidogo. Huber hakufukuzi kikaoni, anakunyima tu kipaza sauti.

#4 Mzee wa Mitungi

Mkuu hapo nimekuelewa, lakini mbona nilishaijaribu ikanitia aibu? Nilitumia `nn.HuberLoss()` ya PyTorch hivihivi ilivyo. Mafunzo yalitambaa kama konokono, usiku kucha modeli haijasogea. Muda wangu umehifadhiwa kwa sekunde, sijui kama lina uhusiano.

#5 Kipimajoto

Ndilo lenyewe. Usipoigusa, delta ya hapo ni 1.0. Delta ina kipimo kilekile cha kitu unachokikadiria, kwa hiyo wewe umemwambia: kosa lolote linalozidi sekunde moja ni nukta iliyojitenga. Modeli ikikosea kwa sekunde 90 au kwa sekunde 9,000, mvuto ni 1 uleule. Makosa yako yote yamegonga kikomo, kwa hiyo kile ulichofundisha si Huber tena, ni kosa la thamani kamili, tena kwa hatua ndogo mno ukilinganisha na safari ya sekunde 1,500.

Namna ya kujua haichukui dakika:

```python
kosa = (y - kadirio).abs()
print((kosa <= delta).float().mean())
```

Ikitoka karibu na 0, delta ni ndogo kupita kiasi. Ikitoka 1, hakuna nukta iliyobanwa na umerudi kwenye kosa la mraba bila kujua.

Kwa zile safari saba, delta ya 1 inakupa 26, yaani namba ya katikati kabisa. Delta ya 100 inakupa 42.5, unaona ugonjwa unarudi. Sasa uchague ipi? Usikisie. Chukua namba ya katikati, 26. Andika kila safari imeachana nayo kwa kiasi gani: 4, 2, 1, 0, 2, 4, 214. Zipange, chukua ya katikati tena: 2. Zidisha kwa 1.4826 ili ilingane na mtawanyiko wa kawaida wa umbo la kengele, halafu zidisha kwa 1.345. Unapata kama 4. Hiyo ndiyo delta yako, dakika 4, au sekunde 240. Jibu linakuwa 26.6.

Hiyo 1.345 haikuokotwa barabarani. Ni kiwango ambacho data yako ikiwa safi kabisa, bila uchafu wowote, bado Huber anafanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 95 ya ule wa wastani. Yaani unalipa bima ya asilimia 5.

Tahadhari moja. Ukihamia `HuberRegressor` ya scikit-learn utakuta `epsilon=1.35`. Usidhani ni dakika 1.35. Yule anakadiria mtawanyiko mwenyewe ndani kwa ndani, kwa hiyo ile 1.35 ni mara ngapi ya mtawanyiko. Namba zinafanana sura, tabia mbalimbali.

#6 Chuma Chakavu

Sawa, kwenye dakika nimekubali yaishe. Lakini modeli ya pili, ya kuchelewa au kutochelewa, nilichosema kiko palepale. Bawaba haizioni nukta za mbali.

#7 Kipimajoto

Nusu yake ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayowaponza wengi.

Hasara ya bawaba ni `max(0, 1 - y*f)`, ambapo y ni lebo na f ni alama ya modeli. Chukua safari ambayo kweli ilichelewa, y ni +1. Modeli ikiipa alama 3, hasara ni 0. Ikiipa 30, ni 0 pia. Hapo ndipo Chuma yuko sahihi: aliye mbali upande wake haongezi wala hapunguzi kitu. Ukitumia kosa la mraba kwenye kazi hii, safari yenye alama 5 inaadhibiwa kwa 16, kwa kosa la kuwa sahihi kupita kiasi. Upuuzi mtupu, na bawaba imeundwa kuuepuka.

Ikiipa 0.4, hasara ni 0.6. Upande ni wake, lakini hajavuka pambizo, yaani ile 1 ya kwenye kanuni, amesimama kizingitini. Bawaba hataki usimame kizingitini.

Sasa ikiipa −20? Hasara ni 21. Huyu naye yuko mbali, tena mbali sana, lakini upande usio wake, na anaonekana vizuri kabisa. Hata sura ya mchoro inakuambia: upande mmoja umelala sakafuni, wa pili unapanda moja kwa moja, umekunjwa pale kwenye 1 kama bawaba ya mlango.

Rudi kwa vijana wa mitungi. Kwenye modeli ya pili, safari ya dakika 41 na ya dakika 240 zina lebo moja, +1. Ukubwa wa 240 umeshapotea kabla hasara haijahesabiwa. Tatizo linabadilika sura: sasa una safari fupi, ya mchana, barabara nyeupe, kila kitu kinasema haikuchelewa, lakini lebo inasema ilichelewa. Lebo ya uongo. Hiyo ndiyo nukta iliyojitenga kwa bawaba, na ndiyo itakayopewa −20.

Kinachookoa ni kwamba mvuto wake nao una kikomo. Aliye kwenye 0.9 na aliye kwenye −20 wanasukuma kwa nguvu sawa. Kwenye SVM ya pambizo laini waliyoiandika Cortes na Vapnik mwaka 1995, uzito wa nukta moja hauwezi kuzidi C, namba unayoipanga wewe mwenyewe. Kwa hiyo C pale inafanya kazi inayofanana na ya delta huku. Ukiweka C kubwa mno umempa muongo kipaza sauti.

#8 Kaskazi

Salaam kutoka Mombasa. Nafuatilia kimyakimya ila hapa nimekwama. Kwa nini pambizo ni 1? Nikiweka 5 si nitakuwa na usalama zaidi?

#9 Kipimajoto

Hapana, Kaskazi, na swali ni zuri. Alama haina kipimo chake yenyewe. Modeli ikizidisha uzito wake wote kwa 5, alama zote zinakuwa mara 5 na mpaka hausogei hata unywele. Kwa hiyo kudai 5 badala ya 1 ni sawa na kubadilisha tu ukali wa adhabu dhidi ya uzito mkubwa. Upana halisi wa njia kati ya pande mbili ni 2 gawanya kwa urefu wa vekta ya uzito, na kinachouzuia usisinyae ni hiyo adhabu.

Ndiyo maana ukiondoa adhabu, ile 1 inakosa maana. Kama pande mbili zinatenganishika, modeli inaongeza uzito tu mpaka hasara inafika 0, na njia inabaki nyembamba kama uzi. Utafurahia sifuri ambayo haijakuhakikishia pambizo lolote.

#10 Binti Kilosa

Samahani kuingilia, mimi yangu ni majani ya muhogo. Nina picha za majani yenye ugonjwa na mazima, natumia bawaba, na hasara inashuka vizuri halafu inagoma kwenye 0.63. Nimebadilisha kasi ya mafunzo, nimeongeza tabaka, inarudi 0.63. Nikipima, modeli inasema kila jani linaumwa. Nadhani nina nukta nyingi zilizojitenga, nibadilishe kuwa Huber?

#11 Kipimajoto

Dada, kabla ya yote: asilimia 63 ya picha zako ni majani mazima? Na uliyapa lebo 0?

#12 Binti Kilosa

Eh! Umejuaje? Ndiyo, mzima ni 0, mgonjwa ni 1.

#13 Kipimajoto

Weka y iwe 0 kwenye ile kanuni. Unapata `max(0, 1 - 0)`, yaani 1, alama iwe yoyote. Kila jani zima linachangia 1 na halisukumi popote. Wagonjwa peke yao ndio wanaosukuma, na njia rahisi ya kuwaridhisha ni kusema kila kitu kinaumwa. Hasara yao inafika 0, ya wazima inabaki 1, na wastani unagota kwenye sehemu ya wazima. Geuza lebo:

```python
y = 2*y - 1
```

Huna nukta zilizojitenga. Au labda unazo, lakini hatujazifikia bado.

#14 Binti Kilosa

Imeshuka chini ya 0.63 kwa mara ya kwanza ndani ya wiki mbili. Nimechoka kuipigia magoti namba ile. Asante sana. Sasa naona kuna majani ambayo mabwana shamba wawili hawakubaliani kama yanaumwa, nitarudi na hilo.

#15 Chuma Chakavu

Nimeona kwenye `SGDClassifier` kuna `modified_huber`. Si ndiyo hiyo, Huber wa kuainisha? Kwa hiyo niliposema zote zinafanya kazi moja…

#16 Kipimajoto

Hukusema hivyo mkuu, ulisema uzi ufungwe 😄

Lakini ndiyo, hiyo ni mtoto wa ndoa hiyo. Ni bawaba iliyopigwa mraba: aliyevuka pambizo analipa 0, aliye ndani analipa mraba wa upungufu wake, na akishapita −1 upande wa pili mraba unakatwa, anaendelea kwa mstari ulionyooka wenye mwinuko wa 4. Bila kukata hapo, lebo moja ya uongo yenye alama −20 ingelipa 441. Baada ya kukata inalipa 80. Wazo la delta limehamishiwa kwenye nyumba ya bawaba. Jina linapotosha watu, wanaiweka kwenye kazi ya kukadiria namba.

#17 Mzee wa Mitungi

Nimerudi. Delta nimeiweka sekunde 240, modeli ya Sinza imekaa sawa. Lakini sasa safari fupi zote zinakadiriwa muda karibu uleule, kama vile umbali hauna maana tena. Nimeangalia makosa makubwa, sioni jipya, ni zilezile za vijana kusahau kubofya. Huber ameharibika?

#18 Kipimajoto

Kuna safari yoyote ambayo umbali umeandikwa kwa mita badala ya kilomita?

#19 Mzee wa Mitungi

Ngoja nikague.

… Ipo. Moja. 7000 badala ya 7. Na kosa lake ni dogo ajabu, ndiyo maana sikuiona!

#20 Kipimajoto

Hapo ndipo Huber anapoishia. Kikomo chake ni cha kosa la muda, si cha umbali. Mvuto wa safari moja kwenye mwinuko wa mstari ni kosa lililobanwa, mara umbali. Safari ya kawaida ya kilomita 7 inavuta kwa kiwango cha juu 240 × 7. Hiyo moja inaweza kuvuta 240 × 7000. Yaani safari moja ina kura elfu moja. Inauburuta mstari mpaka upite juu yake, mwinuko unakuwa karibu sifuri, na kwa kuwa mstari unapita pale, kosa lake linaonekana dogo. Ukiwatafuta wahalifu kwa ukubwa wa kosa, huyu ndiye wa mwisho kukamatwa.

Na bawaba ana udhaifu uleule. C inabana uzito wa nukta, haibani ukubwa wa vipengele vyake. Kwa hiyo kagua safu za pembejeo zenyewe, kubwa na ndogo kabisa ya kila safu, kabla hujagusa hasara. Kama huwezi kuzikagua zote, kuna `RANSACRegressor` na `TheilSenRegressor`, lakini kwa data yako mimi ningekagua kwa macho.

#21 Mhasibu Mstaafu

Wanangu, nilifungua uzi huu kwa sababu ya neno hasara, nikadhani mnazungumzia biashara ya gesi. Nimesoma mpaka hapa, nusu sijaelewa. Ila nina swali la kizamani. Zile safari saba, jumla yake halisi ni dakika 395. Mkichukua 26.67 mkazidisha kwa saba mnapata 187. Huyu bwana akipanga mafuta na mishahara ya vijana kwa namba yenu, hizo dakika mia mbili na kitu atazilipa nani?

#22 Kipimajoto

Shikamoo mzee. Umegusa penye kidonda, na mimi sikupagusa.

Huber hakadirii wastani pale data inapoegemea upande mmoja, na muda wa safari huegemea siku zote: unaweza kuchelewa saa tatu, huwezi kuwahi saa tatu. Anakupa kitu kati ya wastani na namba ya katikati. Kama zile 240 ni vijana kusahau kubofya, dakika hizo hazikuwepo na 187 iko karibu na ukweli. Kama ni muda halisi barabarani, 187 ni uongo kwa mtu anayejumlisha, ingawa kwa mteja mmoja anayesubiri bado 26.67 ni jibu zuri.

#23 Mzee wa Mitungi

Shikamoo mzee. Basi nimekaa na vijana jana usiku tukapitia safari ndefu tano za mwisho moja moja. Tatu walisahau kubofya. Mbili zilikuwa siku ya mvua, Jangwani pamejaa maji, pikipiki imezungushwa mbali na kijana kakaa saa tatu na zaidi kweli.

Hizo mbili nizifanye nini?

#24 Chuma Chakavu

Futa zote tano. Mvua haiji kila siku.

#25 Mhasibu Mstaafu

Marahaba, marahaba. Chuma, wewe huishi Dar mwezi wa nne.

#26 Kipimajoto

Zile tatu rekebisha au futa, hilo halina ubishi. Za mvua mimi ningeongeza safu ya mvua ili modeli iwe na pa kuziweka. Lakini ukiwa na mbili tu, safu hiyo itajifunza nini? Huber atazibana tu, kama anavyowabana waongo. Hana namna ya kutofautisha aliyesahau kubofya na aliyekwama kwenye maji. Una kumbukumbu za miezi mingapi?

#27 Mzee wa Mitungi

Minne. Nilianza Agosti, sijapata masika hata moja.